Helo tupu kwenye simu ya duka: ujibu papo hapo au usubiri?

Anayeuza kwa jumla Kikuubo au Owino, Kampala, anazijua meseji hizi. Simu inalia, juu ya kioo panasomeka "Helo", au "Habari", au "Jambo patroni", kisha kimya. Namba haijahifadhiwa. Huenda ni mteja wa dazeni ishirini, huenda ni mtu aliyekosea namba, huenda ni tapeli anayepima kama namba hiyo ina mtu. Na mbele ya kaunta wamesimama wateja wawili wenye pesa mkononi.

Njia ni mbili: kujibu papo hapo, au kusubiri mpaka mwenyewe aseme shida yake. Tunazilinganisha kwa duka la jumla la Kampala linalouza ndani ya Uganda na ng'ambo ya mpaka kwa WhatsApp, kwa kuwa hapo makosa ya upande wowote huonekana kwenye mauzo ya siku hiyohiyo.

Kwa nini salamu inakuja peke yake

Wengi wanaotuma salamu tupu si wavivu. Wana sababu zao, na sababu hizo ndizo zinazoamua njia ipi ifuatwe.

Ya kwanza ni adabu. Kwetu huku, iwe kwa Kiganda au kwa Kiswahili cha mpakani, mtu hamrukii mwenzake na bei kabla salamu haijapokelewa. Aliyeandika "Habari" anangoja "Nzuri", ndipo aendelee. Upo ushauri wa watu wa ofisi za kompyuta kwamba mtu aandike salamu na swali kwa pamoja, la sivyo asijibiwe. Ushauri huo unawafaa wao kwa wao. Ukimpelekea mama mfanyabiashara wa Arua au Butembo, atausoma kama kiburi na ataenda duka la jirani.

Ya pili ni data. Wengi hununua bando dogo, wakawasha data, wakatuma, wakazima. Data ya Uganda ina kodi ndani ya bei yake: kuanzia Julai 2018 ilikuwa shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na tangu Julai 2021 ni asilimia 12 juu ya bei ya data. Mtu wa namna hiyo hataki kuandika barua ndefu kwa namba ambayo pengine imeshakufa. Anagonga mlango kwanza.

Ya tatu ni ushindani. Mnunuzi makini hutuma "Helo" ileile kwa maduka matatu au manne, kisha swali lenyewe akampa aliyeitika mwanzo. Hii ndiyo sababu inayouma zaidi muuzaji anapochelewa, kwa sababu hataijua kamwe. Mteja harudi kumwambia kwamba alinunua kwingine.

Kujibu papo hapo: faida yake na mahali inapoharibika

Faida ni kwamba unamkuta mtu akiwa bado ameshika simu na data imewashwa. Ndani ya dakika mbili tatu za kwanza unaweza kupata aina ya mzigo, kiasi na mji unakokwenda. Baada ya nusu saa unaweza kuwa unamwandikia mtu ambaye hayupo tena mtandaoni.

Inaharibika pale muuzaji anapojibu "Helo" kwa "Helo". Hapo amerudisha mpira bila kusogeza jambo. Mteja atasema "Za leo?", muuzaji "Nzuri, za kwako?", mteja "Salama tu", na meseji tano zitapita kabla ya kutajwa kiatu hata kimoja. Mteja akizima data katikati, muuzaji ametumia muda wake na hana anachokijua.

Jibu la papo hapo lifanye mambo matatu kwa mpigo mmoja: lipokee salamu, litaje duka, liulize swali linalojibika kwa neno moja au picha moja. Yote yakae kwenye meseji moja. Sababu ni ya kiufundi. Meseji yako ikibaki na tiki moja ya kijivu, maana yake imetoka kwako lakini haijafika kwenye simu yake. WhatsApp huitunza meseji isiyofika hadi siku 30. Mteja akiwasha data kesho asubuhi, atakuta kila anachohitaji ili ajibu, na si neno "Nzuri" peke yake linalomlazimisha kuanza upya. Kwa mteja wa kuwasha na kuzima, mazungumzo ya kupokezana haraka hayapo. Kila meseji yako ijitegemee.

Mfano unaofaa duka la viatu:

"Nzuri sana, karibu. Hapa ni duka la viatu vya jumla, Kikuubo. Unatafuta vya wanawake, wanaume au watoto? Ukipenda tutumie picha au sauti, pamoja na idadi ya dazeni."

Kuna kosa jingine la haraka: kutuma orodha nzima ya bei na picha arobaini kwa mtu aliyesema helo tu. Picha hizo zinakula bando lake, na anayehitaji sandali za watoto anapekua buti za mvua. Bei zisitoke kabla ya kujua anachotaka, maana bei ya dazeni moja na bei ya dazeni ishirini si moja, na ukishaandika ya juu ni vigumu kumshawishi kwamba ya chini ipo.

Kusubiri: lini kunalipa

Kusubiri kunalipa katika hali mbili. Ya kwanza ni ndogo: mtu bado anaandika. Wengine wamezoea kuvunja sentensi vipande vitano, na helo ni kipande cha kwanza tu. Ukimwingilia, anaacha swali lake kujibu salamu yako. Hapa dakika tatu zinatosha. Zikipita bila neno la pili, jibu. Kungoja zaidi hakukuletei habari mpya.

Katika dakika hizo isome meseji kwenye arifa iliyo juu ya kioo, usiifungue. Ukiifungua, tiki zinageuka bluu, na kimya baada ya bluu humuudhi mteja kuliko kimya cha tiki za kijivu. Kuirudisha meseji ionekane haijasomwa hakufuti bluu kwake. Kuzima alama hizo kwenye mipangilio hatukushauri kwa simu ya duka, kwa kuwa ukizificha zako nawe huzioni za wateja, na hizo ndizo zinazokuambia nani amesoma bei na nani hajaiona.

Maduka yanayotumia namba moja kwenye simu na kompyuta yana hatari ya ziada. Kijana wa stoo akifungua meseji kwenye kompyuta, mteja anaona bluu, mwenye simu anadhani imeshajibiwa, na hakuna aliyejibu. Dawa yake ni kupanga zamu: asubuhi simu ni ya fulani, mchana ni ya fulani, na asiye zamuni hafungui kitu.

Hali ya pili ndiyo kubwa: helo inayotiliwa shaka. Hapa usijibu kwa haraka hata kama duka ni tupu. Dalili ya kwanza ni namba ya nchi ambayo hamfanyi nayo biashara. Wateja wa kawaida wa duka kama hili huandika kutoka +256 ya Uganda, +243 ya Kongo, +211 ya Sudan Kusini, +250 ya Rwanda, +254 ya Kenya au +255 ya Tanzania. Helo kutoka bara jingine, yenye picha ya msichana mrembo na isiyo na kundi lolote mnaloshiriki, kwa kawaida ni mwanzo wa utapeli wa "samahani nimekosea namba, lakini unaonekana mtu mwema". Ukijibu umemthibitishia kwamba namba ina mtu. Mwache, au mzuie.

Inayowapita watu wengi bila kugundua ni helo kutoka kwa namba unayoijua. Mteja wa miaka mingi, ambaye siku zote huanza na "Shikamoo mzee" au hutuma sauti, leo ameandika "Hello" kavu. Ukiitika, meseji ya pili inakuja: nimekutumia namba sita kwa makosa, naomba unirudishie. Anayeandika ni mwizi aliyeiba akaunti ya mteja wako; namba hizo sita ni za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake, na ukizitoa, kesho atawaandikia wateja wako wote kwa jina la duka akiomba malipo ya awali. Ama ataomba moja kwa moja umtumie pesa kwa simu. Usiendelee kuandika. Mpigie kwa laini ya kawaida, si kwa WhatsApp. Aliyeiba akaunti anapokea simu za WhatsApp, lakini laini mara nyingi bado iko mkononi mwa mwenyewe. Na kabla hayajatokea, fungua Settings, kisha Account, kisha Two-step verification, uweke namba ya siri ya tarakimu sita. Ni kazi ya dakika moja, na mwizi aliyepata zile namba sita za meseji bado atakwama hapo.

Zikiwekwa pamoja, zinasomeka hivi:

| Helo imetoka wapi | Papo hapo | Subiri |
|---|---|---|
| Namba mpya ya nchi mnayouzia, saa za kazi | Ndiyo, kwa meseji moja kamili | Dakika 3 tu, kama kaunta imejaa au anaonekana anaandika |
| Mteja wa kila wiki, salamu yake ya siku zote | Ndiyo, na umtaje kwa jina | Hapana |
| Mteja wa zamani, salamu isiyofanana naye | Hapana | Ndiyo, umpigie kwanza |
| Namba ya nchi msiyouzia | Hapana | Ndiyo, bila kikomo |
| Usiku baada ya kufunga | Jibu la kujiendesha | Mpaka saa ya kufungua |

Ndugu zako wasiingie kwenye hesabu hii. Helo tupu ya shangazi wa kijijini inaweza kuwa ya mgonjwa au ya msiba. Hiyo haijibiwi kwa maandishi wala haingojewi, mpigie.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Jumamosi, saa 2:10 usiku Kampala. Inaingia "Jambo" kutoka namba ya +243. Duka hufungwa saa 3, na mwenye simu anahesabu pesa za siku.

Jambo la kwanza ni saa. Mashariki ya Kongo iko nyuma ya Uganda kwa saa moja, na Sudan Kusini vilevile tangu Februari 2021. Kwa mtu wa Butembo ni saa 1:10 jioni, bado ana muda mrefu wa kuandika, huku duka lina dakika hamsini. Hii inaegemea upande wa kujibu haraka: yeye atadhani mko wazi kwa muda, na asipoambiwa ataleta swali lake mkiwa mmeshafunga.

Mwenye simu anasoma arifa bila kuifungua, anamaliza kuhesabu noti alizoshika, na dakika tatu zinapita bila neno. Kisha anafungua na kuangalia picha na jina: mama mwenye mafungu ya viatu nyuma yake, jina la duka la Butembo. Hakuna la kutilia shaka. Anatuma:

"Jambo sana mama, karibu. Hapa ni duka la viatu vya jumla, Kikuubo. Unahitaji vya wanawake, wanaume au watoto, na dazeni ngapi? Leo tuko hadi saa 3 usiku ya Kampala, yaani saa 2 ya kwenu. Kesho tumefunga, Jumatatu asubuhi tupo."

Meseji inafika, tiki mbili za kijivu. Baada ya dakika sita zinakuwa bluu, na jibu linakuja kwa sauti ya sekunde ishirini: sandali za watoto, dazeni kumi, bei mpaka Kasindi, mpakani upande wa Kongo. Sasa kuna jambo la kujibu. Tuseme dazeni ni shilingi 84,000. Kumi ni 840,000. Usafiri wa hadi Mpondwe, upande wa Uganda wa mpaka ule, uandikwe mstari wake peke yake, na iwe wazi kwamba ushuru wa upande wa Kasindi ni wa mnunuzi. Ukichanganya vyote kwenye namba moja, atailinganisha na ya duka lililotaja bei ya mzigo tu, nawe utaonekana ghali.

Tuseme hakujibu. Tiki zimebaki mbili za kijivu mpaka duka linafungwa. Usitume "Helo?" nyingine usiku huo. Jumatatu, kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi, tuma meseji moja tu yenye kitu kipya ndani: "Habari ya asubuhi mama. Sandali za watoto zimeingia saizi zote. Tukuhesabie dazeni ngapi?" Asipojibu hiyo, acha. Meseji ya tatu huleta kuzuiwa, na wengi wakiizuia au kuiripoti namba ya duka, WhatsApp inaweza kuifunga.

Jibu la kujiendesha: linasaidia wapi, linakwama wapi

WhatsApp Business ina vitu viwili vya kuokoa muda, vyote ndani ya Business tools. Greeting message hutuma salamu yako yenyewe kwa mtu anayeandika mara ya kwanza, au aliyekaa siku 14 bila kuwasiliana nawe. Away message hutumwa nje ya saa za kazi, na unaweza kuipangia ratiba kwa kuchagua Outside of business hours.

Watu huiwasha ya kwanza wakidhani tatizo limekwisha, na hapo ndipo linapoanza. Haisomi alichoandika mteja. Aliyetuma "Naomba bei ya buti saizi 42, dazeni tano" atajibiwa "Karibu, unahitaji nini?", na ataona hasikilizwi. Kwa mteja wa kila wiki haitumwi kabisa, kwa hiyo helo yake bado inakungoja wewe. Simu ikikosa intaneti, nayo inanyamaza. Iandike isimame kwa mteja wa aina yoyote: taja duka na saa, kisha sema "Kama umeshaandika unachotaka, tunakujibu sasa hivi. Kama bado, tuandikie aina, saizi na idadi." Kwenye Recipients chagua wasiomo kwenye orodha ya majina yako, ili mkweo asipokee matangazo ya sandali.

Kwa wale unaowajibu kwa mkono, tumia Quick replies. Ihifadhi meseji ya mfano wa hapo juu kwa kifupi cha `/karibu`. Ukiandika alama hiyo, meseji nzima inatokea, unaongeza "mama" au "mzee" au "hajati", unatuma. Hapo hata kaunta ikiwa imejaa, kujibu papo hapo kunachukua sekunde tano, na sababu kubwa ya kusubiri imeondoka. Usiitume bila kuongeza jina la heshima. Mteja wa mpakani anaitambua meseji ya mashine haraka, na huacha kuandika.

Sehemu ya helo hizi unaweza kuzizuia zisizaliwe. Kama wateja hukufikia kwa kiungo ulichoweka TikTok au kwenye tangazo, weka maneno ndani ya kiungo chenyewe:

```
https://wa.me/256XXXXXXXXX?text=Habari.%20Nauliza%20bei%20ya%3A%20
```

Baada ya 256 zinafuata tarakimu tisa za namba yako, bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha wala nafasi. Kosa la kawaida ni kuandika 2560, na kiungo hakifunguki. Mteja akibonyeza, atakuta "Habari. Nauliza bei ya: " imeshaandikwa, naye anamalizia tu. Salamu imo, na swali limo.

Kama bado unasita kuhusu dakika tatu, ipime kwenye duka lako. Fungua Labels, tengeneza mbili: "Helo haraka" kwa waliojibiwa chini ya dakika tano, na "Helo kesho" kwa waliongoja zaidi ya saa moja. Mwisho wa mwezi fungua kila moja uhesabu wangapi waliuliza bei, na kati yao wangapi walilipa. Helo za tapeli na za waliokosea namba zifute kabla ya kuhesabu, la sivyo zitaharibu hesabu ya upande zilikoangukia.